Namba za Bahati Nasibu: Uchague Mwenyewe au Uiachie Mashine?

Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, ipo michanganyiko 13,983,816, na kila mmoja una nafasi sawa ya kutoka. Kwa hiyo, tiketi uliyoijaza mwenyewe haiizidi ile iliyojazwa na mashine.

Tofauti hujitokeza katika mgawanyo wa zawadi. Tarehe 14 Januari 1995, nchini Uingereza, tiketi 133 zilikuwa na namba zote sita zilizotoka: 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Zawadi kuu ya pauni zaidi ya milioni 16 iligawanywa, kila tiketi ikapata pauni 122,510 tu.

Wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, yaani 1 hadi 31. Mashine hupunguza uwezekano wa kugawana nao. Haiongezi uwezekano wa kushinda.