Ukisimamishwa na Polisi Nyakoe, Salamu Kwanza

Soko la Nyakoe liko kwenye barabara kuu ya kutoka mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu. Malori, matatu, Probox na bodaboda hupita hapo kutwa nzima, na maafisa wa polisi husimama kando ya barabara hiyo mara kwa mara kukagua magari. Kwa mwendesha bodaboda, ukaguzi huo ukienda vizuri huchukua dakika mbili. Ukienda vibaya, pikipiki hulazwa kituoni, na mapato ya siku hupotea pamoja na chakula cha jioni.

Mara nyingi kinachoamua ni sekunde za kwanza. Afisa hajui wewe ni nani wala umebeba nini. Hilo hulipima kwa namna unavyosimama na neno la kwanza unalotamka, hata kabla hajaiona leseni.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda anayetoka Nyakoe saa moja asubuhi akielekea mjini, na abiria mmoja nyuma. Mbele anaona mkono wa afisa umeinuliwa. Anakumbuka leseni ameiacha kwenye koti jingine, nyumbani. Moyo unamwenda mbio, na wazo linalomjia kwanza ni kugeuza pikipiki. Wazo hilo ndilo baya kuliko yote. Anayegeuza ghafla kwenye barabara hii hukutana uso kwa uso na lori linaloteremka. Hata akinusurika, amejiongezea kosa: Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zinatoza Sh1,000 kwa kutobeba leseni, lakini kukataa kusimama ukiamriwa na afisa aliyevaa sare ni Sh5,000.

Basi apunguze mwendo mapema, aonyeshe ishara, na asimame kando kabisa, si katikati ya njia. Azime injini. Watu wengi husahau jambo hili dogo. Injini inayonguruma humwambia afisa kwamba unajiandaa kutoroka, na pia humfanya apaze sauti, nawe ukajibu kwa sauti ya juu, na watu wa sokoni wakadhani ni ugomvi. Abiria ashuke kwanza. Kisha mwendeshaji avue helmeti ili uso uonekane, na mikono ibaki juu ya usukani. Asiingize mkono mfukoni kabla ya kuulizwa. Kwa mwenye gari ni vivyo hivyo: shusha kioo, mikono kwenye usukani, na ikiwa ni usiku punguza taa za mbele na uwashe ya ndani.

Hapo ndipo salamu inapoingia. "Habari ya asubuhi, afande." Inatosha. Sisi huku Gusii tumezoea salamu ndefu, bwakire ikifuatwa na habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe. Barabarani salamu ndefu huonekana kama kumchelewesha afisa au kumpaka mafuta. Msalimie mara moja, umtazame usoni, kisha unyamaze umpe nafasi ajibu. Tumia Kiswahili, kwa sababu afisa huenda ametoka Kwale au Turkana. Zaidi ya hayo, usimgeukie abiria ukamnong'oneza kwa Ekegusii. Huenda unamwambia tu "ngoja kidogo", lakini asiyeielewa lugha hiyo atadhani mnapanga jambo.

Neno "afande" linafaa kwa afisa yeyote, mwanamume au mwanamke. "Mkubwa" na "bosi" si matusi, ila zikitamkwa kwa tabasamu fulani tunajua sote zinaelekea wapi. Afadhali ziachwe.

Afisa akisema, "Leseni," mwendeshaji wetu ana njia mbili. Njia ya kwanza ni "Kwani nimefanya nini?" Swali hilo si kosa kisheria, lakini likitangulia jibu huwa ni kuanzisha mashindano. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva awe na leseni na aionyeshe akitakiwa na afisa wa polisi, kwa hiyo afisa hahitaji kumshuku kwa lolote ndipo aiombe. Njia ya pili ni kusema ukweli kwa sauti ya kawaida: "Afande, leseni ninayo ila nimeiacha nyumbani. Kitambulisho hiki hapa, kiko mfuko wa kulia, nakitoa." Kutaja mfuko kabla ya kuingiza mkono huondoa shaka.

Huenda afisa akamwonya na kumwachilia. Huenda pia akasema ni kosa. Adabu hapa haina maana ya kukubali kila jambo. Mwendeshaji anaweza kuuliza, kwa sauti ileile, "Naomba uniambie kosa unaloandika, afande." Akipewa ilani ya faini, aisome: iwe na jina lake, kosa na kiasi. Faini hulipwa kwa njia rasmi, nayo huwa na risiti. Haiwekwi mkononi mwa afisa wala haikunjwi ndani ya leseni. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wamevunja sheria, kwa hivyo "nimeombwa tu" si utetezi. Ukidokezewa chai, jibu fupi lisilo na dharau ni, "Afande, naomba uniandikie, nitalipa inavyotakiwa." Baada ya hapo usiongeze hotuba. Kumpigia simu MCA au kusema "Unajua mimi ni nani?" humlazimu afisa aonyeshe mbele ya watu kwamba hatishiki.

Akiambiwa waende kituoni, aulize ni kituo gani na kwa kosa gani, kisha aende. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja katika lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ama siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiishia wikendi au sikukuu. Akitoa pesa za dhamana ya polisi, apewe risiti.

Upo upande wa afisa pia. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya mwaka 2011, linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Lisome jina hilo wakati unapomsalimia. Ukiliona, waweza kulitumia: "Habari, Afande Fulani." Mtu akiitwa kwa jina lake huongea kwa utulivu zaidi, nawe umeshalihifadhi kichwani bila kutoa simu wala kalamu.

Na ukitukanwa au kupigwa licha ya adabu yako, usijibu pale pale. Ondoka ukiruhusiwa, kisha uandike papo hapo saa, mahali, jina au nambari ya afisa, nambari ya gari lao ukiiona, na nani alishuhudia. Abiria wako ni shahidi, kwa hiyo chukua nambari yake ya simu kabla hajaingia mjini. Malalamishi dhidi ya polisi hupokewa na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, kwa nambari 1559 isiyotozwa malipo.