Barua pepe inasema pesa zimeingia. Nitume mzigo?

*Nauza simu za mitumba mtandaoni. Mteja anayesema yuko ng'ambo amenitumia barua pepe yenye nembo ya PayPal: dola 180 zimeingia, ila zimezuiliwa hadi nitume namba ya mzigo leo. Nifanyeje? – Muuzaji, Umoja*

Asitume.

Wasiwasi wa muuzaji huyu una msingi. Malipo ya PayPal, hata yaliyozuiliwa, huonekana ndani ya akaunti ya muuzaji. Barua pepe yeyote anaweza kuitunga: nembo hunakiliwa, na jina la mtumaji huandikwa mtu apendavyo. Akiligusa jina hilo, huenda akaona anwani ya Gmail tu. Ikionekana sahihi bado asiridhike, kwani anwani nayo hughushiwa.

Akiache kiungo kilichomo, afungue programu ya PayPal mwenyewe na kutazama orodha ya miamala. Kama dola 180 hazimo, hajalipwa. Kwa M-PESA pia, atazame salio kupitia `*334#` kabla bodaboda hajaondoka na simu.

Kama mzigo umeshatoka, ampigie msafirishaji sasa hivi aurudishe. Barua pepe yenyewe aitume kwa phishing@paypal.com, aihifadhi, kisha apige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu.