Mazingira ya Shirika na Mali za Taratibu: Namna ya Kuyatenganisha

Anayejifunza kupanga mradi wa lugha hukutana mapema na istilahi mbili: mambo ya mazingira ya shirika na mali za taratibu za shirika. Katika orodha za kupanga, mara nyingi huandikwa moja chini ya nyingine, na wanafunzi wengi huzichanganya. Hapa nafuata mwongozo wa Taasisi ya Usimamizi wa Miradi, toleo la sita, la mwaka 2017.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, mambo ya mazingira ni hali ambazo timu ya mradi haizitawali, lakini zinauathiri, zinaubana au zinauelekeza mradi. Mali za taratibu ni mipango, sera, taratibu na hazina ya maarifa ambayo ni ya shirika lenyewe na ambayo hulitumikia kazini.

Mkanganyiko huanzia hapa: wengi hukariri kwamba kilicho nje ni mazingira, na kilicho ndani ni mali. Nusu ya kanuni hiyo ni sahihi, kwani mali za taratibu ziko ndani ya shirika. Lakini mazingira yako nje na yako ndani pia.

Tuchukue mradi wa mfano. Kitivo kimoja mjini Lubumbashi kinataka kurekodi saa 40 za masimulizi ya Kisanga na kuyaandika pamoja na toni zake. Nje ya kitivo kuna mvua, ambayo katika Katanga ya Juu hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili na kuharibu njia za vijijini. Kuna pia thamani ya franka mbele ya dola. Hayo hakuna anayeyabishia kuwa ni mazingira. Sasa tuingie ndani. Kitivo kina vinasa sauti viwili tu. Wanafunzi wanaoweza kuandika toni ni watatu. Mamlaka ya kuidhinisha matumizi ya fedha yako mikononi mwa baraza. Haya nayo ni mazingira, ingawa yako ndani ya kuta zetu, kwa sababu timu imeyakuta na haina mamlaka ya kuyabadilisha.

Mali za taratibu ni kitu kingine: fomu ya ridhaa ya wasimuliaji, mwongozo wa kuandika toni, kanuni ya kuyapa mafaili majina, na ripoti ya mradi uliopita. Kila kimoja kilitungwa au kilikusanywa na kitivo ili kionyeshe namna ya kufanya kazi. Kwa hiyo swali ninalopendekeza si «kiko wapi?» bali «je, shirika limekiweka ili kiongoze kazi, au ni hali tu tunayofanyia kazi ndani yake?»

Swali hilo linatatua hata mifano migumu. Programu ya ELAN iliyomo katika kompyuta za kitivo ni mazingira. Kiolezo cha unukuzi ambacho kitivo kilikitengeneza ili kitumike katika programu hiyo ni mali. Bei za betri sokoni ni mazingira. Kumbukumbu za manunuzi yetu ya zamani ni mali. Na kanuni za ununuzi? Timu haiwezi kuzibadilisha, kwa hiyo wengine huziita mazingira. Hapana: ni utaratibu uliowekwa na shirika, basi ni mali.

Tofauti hii inaonekana katika hesabu. Tuseme ripoti ya zamani inaonyesha kwamba saa moja ya sauti ilihitaji saa 30 za kuandika. Saa 40 zitahitaji saa 1,200. Wanafunzi watatu, kila mmoja akifanya saa 20 kwa juma, hutoa saa 60. Kazi itachukua majuma 20. Namba 30 imetoka katika mali za taratibu, namba tatu imetoka katika mazingira.

Anayeichukua namba tatu kama kitu cha kurekebisha ataandika waandishi sita na majuma kumi, kisha juma la kumi litafika kazi ikiwa nusu. Alipaswa kuupanga mradi kwa watu watatu na kuuandika upungufu huo katika orodha ya hatari. Anayeichukua namba 30 kama hali isiyoguswa atafanya kosa la upande wa pili. Ikiwa kazi halisi ilichukua saa 36 kwa kila saa ya sauti, hataiandika, na mradi ufuatao utarithi makadirio yale yale mabovu. Sera na taratibu kwa kawaida hubadilishwa na wenye mamlaka nje ya mradi, lakini hazina ya maarifa hujazwa na timu yenyewe, tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho wake.

Kwa hiyo kila kipengele kikishapata jina lake, kina pia mahali pake katika mpango: hali ya mazingira huandikiwa tahadhari, mali ya taratibu hutumiwa, na maarifa mapya hurudishwa kabatini kabla ya timu kutawanyika.