Kujaa tumbo si kushiba: juu ya nini maharagi yanachelewesha njaa



Kila mara mavuno ya maharagi yakiisha, katika vikao vyetu huku Kivu tunasikia neno lile lile. Mtu ameuza maharagi yote, amenunua unga wa muhogo, nyumba haikosi bugali. Lakini anasema: "Asubui nakula bugali paka tumbo inajaa, naenda ku shamba, saa ine njaa imerudia." Jirani yake, aliyebakisha maharagi kidogo nyumbani, analima mpaka saa sita ao saa saba bila kusimama kutafuta kitu cha kutafuna. Wa kwanza hakula kidogo kuliko jirani. Basi tofauti inatoka wapi?

Tuanze na tumbo lenyewe. Ni mfuko unaotanuka. Kitu chochote kikiingia kwa wingi, hata maji matupu, mfuko unatanuka na kupeleka habari kwa ubongo: tumejaa. Bugali ya muhogo inafanya hivyo vizuri sana, juu unga wake unakunywa maji mengi wakati wa kusonga. Ndiyo maana mtu akimaliza kula anajisikia mzito. Lakini ile ni habari ya ukubwa tu. Mfuko ukianza kupunguka, habari inakatika, na tumbo tupu linatuma mjumbe mwingine kwa ubongo, yule wa njaa.

Kushiba kunakodumu kunatoka chini zaidi, katika utumbo. Huko chakula kinapimwa kwa kile kilichomo ndani yake. Utumbo ukikuta proteini, unatuma wajumbe wake kupitia damu. Wengine wanaenda kwa ubongo kusema chakula kimefika, wengine wanaambia tumbo lifunge mlango kidogo, lisimwage vyote mara moja. Kwa hiyo chakula chenye proteini kinakaa, na kinashuka polepole. Kuvunja proteini yenyewe nayo ni kazi ya saa nyingi kwa mwili.

Wanga wa muhogo hauna kazi nyingi. Ni sukari zilizofungwa pamoja kama shanga kwa uzi, na uzi ule unakatwa haraka, unaanza kukatwa mdomoni na mate. Sukari inaingia katika damu kwa mkupuo, mwili unatoa insulini ili kuiingiza katika misuli na sehemu zingine, kisha sukari ya damu inashuka tena. Watu wengi njaa inawapiga wakati ule wa kushuka. Si kusema muhogo ni mbaya. Muhogo ndio unaotupa nguvu ya jembe, na bila wanga hakuna mtu atalima. Shida ni muhogo peke yake.

Nyuzinyuzi nazo ni nini? Ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo la mtu haliwezi kuvunja: ganda la haragi, pumba ya mahindi, kuta ndogo sana zinazozunguka punje za wanga ndani ya mbegu. Kuna zile zinazokunywa maji na kuwa kama uji mnato. Ndani ya utumbo uji ule unachelewesha sukari isifike kwa damu mara moja. Zingine hazilainiki, zinabeba maji na kusukuma choo. Zinazobaki zinafika utumbo mkubwa, huko vijidudu vyema vinazila, na katika kazi ile vinatoa vitu ambavyo pia vinapunguza hamu ya kula. Vinatoa hewa vilevile, kama kila mtu anajua.

Haragi linaunganisha vyote viwili, na ndiyo sababu tunalizungumzia kuliko chakula kingine. Wanga wake umefungwa ndani ya zile kuta ndogo, sawa nyumba yenye milango mingi. Mwili unafungua mmoja mmoja. Ndiyo maana haragi zima lililoiva vizuri linakaa tumboni kuliko lile lililosagwa kuwa unga laini: kinu kimekwisha kuvunja milango.

Sasa tuone mfano kwa hesabu. Si kusema kila mtu ale hivi, ni kuonyesha tu tofauti inakaa wapi. Chukua gramu 300 za unga mkavu wa muhogo. Zinatoa karibu kalori 1000, lakini proteini yake ni kama gramu 5 tu. Sasa ondoa gramu 100 za unga, weka gramu 100 za maharagi makavu mahali pake. Kalori hazibadiliki sana, zinabaki karibu 1000, juu maharagi makavu na unga wa muhogo vina nguvu inayokaribiana kwa uzito. Lakini proteini inapanda kufika karibu gramu 25, na nyuzinyuzi zinaongezeka kama mara mbili. Zile gramu 100 zikipikwa zinakunywa maji na kuwa karibu gramu 250 kwa sahani. Kwa nguvu ya jembe, sahani mbili ni sawa. Kwa saa ya njaa kurudi, si sawa hata kidogo.

Mtu anaweza kujipima bila mashine yoyote. Chukua siku mbili za kazi inayofanana, kwa mfano palizi ya shamba moja, na uangalie saa ambapo njaa inarudi kweli. Angalia pia namna inavyorudi. Njaa ya wanga mtupu mara nyingi inakuja ghafla: mikono inalegea, usingizi unakuja, hasira inapanda juu ya kitu kidogo. Njaa baada ya chakula chenye proteini na nyuzinyuzi inakuja polepole, unaisikia mbali, na unaweza kumaliza mstari wako kwanza.

Watu wengine wakisikia proteini wanawaza nyama tu, kisha wanasema hilo ni jambo la matajiri. Hapana. Soya kavu ina proteini karibu mara moja na nusu ya maharagi. Karanga inayo, ndagala na sambaza zilizokaushwa zinayo nyingi sana kwa uzito mdogo. Sombe ina proteini kuliko muhogo wenyewe uliozaa majani yale, ijapo majani mabichi ni maji mengi na sahani yake haifikii ile ya maharagi. Samaki na nyama hazina nyuzinyuzi hata moja, kwa hiyo zinashibisha kwa njia moja tu. Kwa upande wa mahindi, angalia unga: ule mweupe sana uliokobolewa umeacha pumba kwa kinu, na pumba ndiyo nyuzinyuzi. Tunalipa mashine kuziondoa, kisha kuku wanazila.

Kuna jambo moja litakalofurahisha wandugu wa milimani wanaolima viazi. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sidnei, Australia, walipa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kila dakika 15, kwa muda wa saa mbili, wanajisikia kushiba namna gani. Kwa jumla vyakula vyenye proteini, nyuzinyuzi na maji mengi vilishibisha kuliko vingine. Lakini kilichoshinda vyote kilikuwa kiazi cha kuchemsha, kilishibisha mara tatu na zaidi kuliko mkate mweupe. Kiazi hakina proteini nyingi. Kilichokisaidia zaidi ni ukubwa na maji: kalori 240 za viazi ni sahani nzima. Basi proteini na nyuzinyuzi si habari yote, na saa mbili za utafiti si nusu siku ya kulima.

Tuseme pia mahali ambapo kushiba kwa muda mrefu hakusaidii. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Ukimpa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, anashiba kabla hajapata nguvu inayomtosha, na mama anafikiri amekula vizuri. Kwa yule, proteini ni lazima, lakini pamoja na kitu kizito chenye mafuta kama karanga iliyosagwa ao mawese, na maharagi yapondwe na ganda lipunguzwe. Mtu mzima naye akikosa chakula cha kutosha, maharagi yatamchelewesha kusikia njaa, lakini hayataongeza kalori ambazo hakula. Akizidi kukonda, njaa kutosikika si ishara nzuri. Na mgonjwa wa sukari asibadilishe sana chakula chake kabla ya kuzungumza na muuguzi anayempa dawa.

Wanaorudia maharagi baada ya muda mrefu wanalalamika juu ya hewa na tumbo kuuma. Anza na kidogo, ongeza wiki kwa wiki. Vijidudu vya utumbo vinazoea. Kunywa maji pia, juu nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo badala ya kukifungua. Na maharagi yaive kabisa. Haragi bichi, hasa lile jekundu, lina sumu inayoleta kutapika na kuhara, na moto wa kuchemka kweli ndio unaiua. Kuyaacha kwa joto dogo bila kuchemka haitoshi. Soya mbichi nayo ina kitu kinachozuia mwili kuvunja proteini, kwa hiyo soya isiyoiva inakunyima kile ulichoitafutia.

Tunajua sababu kubwa ya wengi kuacha maharagi si ladha, ni kuni. Hapa loweka tangu jioni, mwaga yale maji asubuhi, na upike kwa maji mapya: kuni zinapunguka na hewa pia inapunguka kidogo. Maharagi yaliyokaa miezi mingi mahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu, yanakula kuni na hayalainiki. Kwa hiyo ukibakisha sehemu ya mavuno ya saizoni kwa nyumba, yakaushe mpaka jino lisiingie, yafunge vizuri katika mfuko ao kidumu kisichoingiza hewa, yaweke mahali pa baridi, mbali na moto wa jiko. Yaliyobaki ya saizoni iliyopita ndiyo yaingie chunguni kwanza.