Picha za Faragha Zikivuja: Mwongozo kwa Aliyevujishiwa na kwa Rafiki Aliyeziona

Usianze kwa kufuta

Picha zikishavuja, mtu hutamani kufuta kila kitu: mazungumzo, akaunti, hata kutupa laini. Subiri kwanza. Ujumbe unaotaka kuufuta ndio ushahidi wako, na aliyeutuma anaweza kuuondoa wakati wowote ukabaki mikono mitupu.

Tuchukue mfano. Dada mmoja wa Morogoro, mwenye miaka 24, tumwite Rehema, ameachana na mpenzi wake. Jumatano saa 3 usiku, namba ngeni inarusha picha zake mbili za utupu kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma naye. Rehema hayumo kwenye grupu hilo. Aliyemo ni rafiki yake, Neema. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza uko kwenye simu ya Neema.

Ukiwa ni wewe uliyeziona

Neema asizitume popote, hata kwa Rehema ili "ajionee". Apige skrinishoti inayoonyesha jina la grupu, tarehe, saa na maneno yaliyoandikwa pamoja na picha. Kisha abonyeze jina la mtumaji ili namba kamili ionekane, apige skrinishoti nyingine. Jina lililohifadhiwa kwenye simu halitoshi, kwa kuwa linaweza kuandikwa na yeyote.

Baada ya hapo ampigie Rehema, kabla hajaisikia habari kwa mtu mwingine. Akubaliane naye, kisha amwombe admini afute ujumbe kwa wanagrupu wote na kumtoa mtumaji. Mwisho aripoti ile namba ndani ya WhatsApp, halafu afute picha kwenye simu yake. Aangalie na kwenye galari, maana WhatsApp huweza kuhifadhi picha huko yenyewe.

Anayeomba "nitumie koneksheni" asipewe. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta au simu, na adhabu yake haipungui faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 7, au vyote viwili. Anayesambaza picha alizotumiwa naye anaweza kujikuta mtuhumiwa.

Ukiwa ni wewe uliyevujishiwa

1. *Hifadhi ushahidi.* Kusanya skrinishoti zako na za marafiki. Mtu akikutishia, "tuma laki mbili la sivyo nazirusha", usilipe. Hata ukilipa, picha bado anazo, na sasa anajua unaweza kutoa hela. Hifadhi vitisho hivyo pamoja na namba anayotaka utumie pesa, kisha ndipo umzuie.

2. *Nenda polisi.* Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na mtu unayemwamini, na simu yenyewe, kwani skrinishoti iliyochapwa pekee ni rahisi kupingwa. Usiondoke bila namba ya RB. Ndiyo utakayoitumia kufuatilia shauri.

3. *Zuia picha zisipakiwe upya.* Kama una miaka 18 au zaidi, fungua stopncii.org. Unachagua picha husika kwenye simu yako, na tovuti inaitengenezea alama ya kipekee ya tarakimu na herufi. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Inayotumwa ni alama tu. Mitandao inayoshiriki, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua picha hiyo na kuiondoa. Utapewa namba ya shauri na namba ya siri. Ziandike, kwa sababu ukizipoteza hutaweza kulifuatilia. Njia hii inahitaji uwe na picha yenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia kufuta.

Njia hii ina mipaka. Haifiki ndani ya magrupu ya WhatsApp, kwa kuwa ujumbe wa huko umefungwa kwa siri baina ya watumaji na wapokeaji. Picha iliyokatwa au kubadilishwa sana inaweza kupenya. Ndiyo maana kwenye magrupu kazi inabaki kwa akina Neema na maadmini.

Kama aliye kwenye picha ni mtoto

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama picha alijipiga mwenyewe. Usipige skrinishoti ya picha hiyo wala usiihifadhi; andika namba, jina la grupu, tarehe na saa, kisha upeleke taarifa polisi au upige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kwa watoto tovuti inayotumika ni takeitdown.ncmec.org.

Neno la kumwambia

Usimuulize Rehema, "Kwa nini ulipiga?" Mwambie, "Nimehifadhi namba na saa. Kesho twende wote kituoni." Swali lile atalisikia kwa wengi, atakayemsindikiza huenda ukawa wewe peke yako.