Kuomba fedha za mashine ya fotokopi: hesabu tuliyoisahau

Ombi letu la kwanza lilikuwa nusu ukurasa. Serikali ya wanafunzi inaomba shilingi 4,800,000 za kununua mashine ya fotokopi, kwa sababu kutoa kopi nje ni gharama kubwa. Tukaambatanisha proforma tatu, tukakaa kusubiri. Likarudi likiwa na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Kubwa kiasi gani?" Kamati nzima tukatazamana. Kwa wawakilishi wapya mtakaoandika maombi kama haya, naomba tupitie hesabu ambayo tungeifanya mapema.

Anza na idadi ya kurasa. Sisi tulikuwa tumekisia 120,000 kwa mwaka, namba ya mdomoni tu. Tulipofungua faili la risiti na kujumlisha moja moja, zikatoka 60,000. Steshenari ya nje ya geti inatutoza shilingi 100 kwa ukurasa, kwa hiyo tunalipa 6,000,000 kwa mwaka. Bila risiti, ombi lote lingesimama juu ya namba iliyozidi mara mbili.

Kisha uliza ukurasa mmoja utagharimu shilingi ngapi mashine ikiwa yetu. Rimu ya karatasi 500 ni 12,000, hivyo karatasi moja ni shilingi 24. Tona ndiyo inayodanganya watu. Boksi la 90,000 limeandikwa kurasa 6,000, ukigawanya unapata shilingi 15. Lakini watengenezaji hupima kwa ukurasa ambao tona imefunika kama asilimia 5 tu, mfano wa barua fupi. Fomu zenye majedwali na matangazo yenye maandishi mazito hula mara mbili yake, kwa hiyo tukaweka 30. Ongeza shilingi 6 za dramu na matengenezo. Jumla ni 60.

Tunaokoa basi 40 kwa kila ukurasa, sawa na 2,400,000 kwa mwaka. Toa posho ya anayeiendesha, 50,000 kwa miezi 10, zinabaki 1,900,000. Mashine inarudisha fedha yake kwa miaka miwili na nusu. Ikidumu miaka minne, faida halisi ni 2,800,000. Hapo tulipigana tano, tukaanza kuandika ombi la pili.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyetuharibia sherehe. Akauliza: "Kwani mmeshawahi kumwomba yule wa steshenari apunguze bei?" Hatukuwahi. Tukamwendea na zile risiti, tukamwambia tutampa kazi yote ya mwaka kwa mkataba. Akakubali shilingi 80. Punguzo la 20 kwa kurasa 60,000 ni 1,200,000 kwa mwaka, au 4,800,000 kwa miaka minne, bila kununua hata skrubu. Mkataba ukaishinda mashine kwa milioni mbili.

Hapa ndipo maombi mengi hupotea. Unalinganisha mashine na bei unayolipa leo, wakati ulitakiwa uilinganishe na njia nzuri kuliko zote ulizonazo. Ukigawa bei ya mashine kwa miaka minne na kuongeza posho, unapata 1,700,000 kwa mwaka kabla ya kutoa kopi hata moja. Kwa bei ya 100, mashine inaanza kulipa ukivuka kurasa 42,500. Kwa bei ya 80, mpaka ufike 85,000. Sisi tuko katikati.

Mashine iliyotumika, ya milioni 2, tuliiangalia pia. Muuzaji aliisifia sana, ila alipoombwa atoe ile karatasi ya kaunta inayoonyesha mashine imeshatoa kopi ngapi tangu mwanzo, akaanza stori. Tukaondoka.

Lilibaki jambo lisilo na bei: siri na dharura. Karatasi za kura hazifai kuchapwa dukani kwa mtu, na steshenari hufungwa usiku. Hili nalo lihesabiwe badala ya kuandika tu "ni muhimu". Kwa mwaka uliopita tulikwama mara saba, na kazi zote saba hazikufika kurasa 3,000. Kazi hiyo inaiweza printa ndogo ya 650,000.

Ombi la tatu likawa kurasa mbili: mkataba wa shilingi 80 kwa kazi za kawaida, printa ndogo kwa kura na dharura, na mashine kubwa ifikiriwe tena risiti zikivuka 85,000. Likapita, ila Waziri wa Fedha alilishikilia siku mbili zaidi. Tulikuwa tumeomba fedha ya printa, tukasahau kutaja tona yake itatoka fungu gani.