Plasta inasubiri nani?

SWALI: Najenga nyumba. Mafundi plasta wamekaa bure, fundi umeme hajalaza mabomba ya nyaya ukutani. Nipangeje kazi?

JIBU: Kando ya kila kazi andika inachokisubiri. Rangi inasubiri plasta ikauke, plasta inasubiri mabomba, nayo mabomba yanasubiri wewe uamue soketi zikae wapi. Uamuzi huo hausubiri chochote, ila umezuia kazi tatu, kwa hiyo ufanye leo, hata kabla ya kwenda kuchagua vigae. Wakati huohuo wahamishie mafundi plasta kwenye kuta zisizopitisha nyaya wala mabomba ya maji. Wakipiga plasta kila mahali sasa, fundi umeme ataitindua, na kiraka cha kuziba hapo mara nyingi huonekana hata chini ya rangi.